Mshahara wa euro kwenye akaunti ya dola: Pesa inapungulia wapi?

Siku hizi si ajabu kumkuta mama wa Chamazi au baba wa Bunju anafanya kazi ya kampuni ya Ulaya bila kutoka nyumbani. Wengine wanatafsiri, wengine wanaandaa hesabu, wengine wanapokea simu za wateja. Kazi inafanyika vizuri, lakini mwisho wa mwezi nyumba inaingia maswali. Mwajiri anasema ametuma, benki inasema bado, au pesa inaingia ikiwa pungufu na hakuna anayejua nani kakata.

Mara nyingi chanzo si wizi wala uzembe wa mwajiri. Ni kwamba mshahara umetumwa kwa sarafu ambayo akaunti iliyoandikwa kwenye mkataba haiwezi kuitunza.

Watu wengi wakiambiwa wafungue "akaunti ya fedha za kigeni" hufungua ya dola, wakiamini itapokea fedha yoyote ya nje. Sivyo. Akaunti ya dola hutunza dola tu. Euro ikifika hapo, benki ina njia tatu: kuibadilisha yenyewe, kuizuia mpaka upatikane na utoe maelekezo, au kuirudisha ilikotoka. Ikirudishwa, makato ya safari hukatwa tena.

Tuchukue mfano wa mama wa Chamazi anayelipwa euro 1,000 kwa mwezi na ana akaunti ya dola. Tuseme siku hiyo benki yake inanunua euro kwa shilingi 2,800, inanunua dola kwa shilingi 2,430 na kuiuza kwa shilingi 2,500. Hivi ni viwango vya mfano tu, lakini pengo la namna hiyo kati ya kununua na kuuza lipo katika kila benki.

Benki ikifuata njia ya kawaida, kwanza inanunua euro zake 1,000 kwa shilingi 2,800,000. Kisha kwa shilingi hizo inamuuzia dola kwa 2,500, anapata dola 1,120, na hizo ndizo anazoziona kwenye simu. Akienda kuzitoa alipe ada na kodi ya nyumba, benki inazinunua tena kwa 2,430, naye anaondoka na shilingi 2,721,600.

Angalia kilichotokea. Pesa ilishakuwa shilingi 2,800,000 hatua ya kwanza, ikapelekwa kwenye dola, ikarudishwa kwenye shilingi. Mzunguko huo umekula shilingi 78,400, na kwa mwaka ni 940,800. Kwenye taarifa ya akaunti hakuna mstari ulioandikwa "makato", kwa sababu hasara imejificha ndani ya kiwango cha kubadilishia.

Kama mshahara wote unaishia kwenye matumizi ya hapa nyumbani, kwa mama huyu akaunti ya kawaida ya shilingi ingekuwa bora kuliko ya dola. Euro ingebadilishwa mara moja tu. Ikumbukwe pia kwamba kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutozwa kwa fedha za kigeni. Kuwa na akaunti ya dola au euro bado kunaruhusiwa, lakini shule na mwenye nyumba wanapaswa kukudai kwa shilingi.

Anayetaka kuweka akiba kwa fedha ya nje afungue akaunti ya sarafu ileile anayolipwa. Kwa dola, euro na pauni hilo si gumu kwa benki kubwa za Dar es Salaam. Tatizo linakuja kwa sarafu kama krona ya Denmaki au zloti ya Polandi. Ili benki ya hapa ipokee sarafu fulani, kwa kawaida yenyewe inapaswa kuwa na akaunti ya sarafu hiyo kwenye benki ya nje. Isipokuwa nayo, fedha hubadilishwa njiani na benki ya katikati, ambayo wewe huijui na kiwango chake hukukichagua. Hapo ni heri kumwomba mwajiri atume kwa euro au dola tangu mwanzo. Na kwa kuwa atakayebadilisha ni benki yake, mkataba useme mshahara unahesabiwa kwa kiwango gani na cha siku gani.

Utajuaje pesa imebadilishwa wapi? Mwombe mwajiri nakala ya malipo ya SWIFT, si picha ya simu inayosema "sent". Katika nakala zenye vipengele vya namba, kipengele `33B` ni kiasi alichoagiza mwajiri, na `32A` ni kiasi na sarafu iliyosafiri kati ya benki. Sarafu zikiwa tofauti, na kipengele `36` kikionyesha kiwango, basi fedha ilibadilishwa kabla ya kufika Tanzania. Benki yako haina la kukujibu hapo. Lakini kama vyote viwili vinasema `EUR` na wewe umeona dola, kwa kawaida mabadiliko yamefanyika hapa. Una haki ya kuuliza kiwango kilichotumika.

Kuna makato mengine ambayo ni ya safari. Kipengele `71A` kikisema `OUR`, mwajiri ndiye aliyebeba gharama. Kikisema `SHA`, mnagawana, na benki za katikati zinaweza kukata chao kabla pesa haijafika. Kwa hiyo euro 1,000 ikifika 985, angalia hapo kwanza kabla ya kugombana na mhudumu wa kaunta.

Pesa iliyozuiwa ina dalili yake. Mwajiri ana nakala, fedha haijarudi kwake, lakini salio lako halijabadilika. Nenda kwenye tawi ukiwa na kitambulisho cha NIDA, mkataba wa kazi, hati ya mshahara au ankara ya mwezi huo, pamoja na nakala ya SWIFT. Ndani yake kuna namba ndefu ya kufuatilia iitwayo `UETR`, yenye herufi na tarakimu 32 zilizogawanywa kwa vistari. Kwa namba hiyo benki inaweza kuona malipo yamekwama wapi. Hakikisha pia jina lako kwenye mkataba linafanana na la akaunti. Aliyeajiriwa kwa jina la ndoa na ana akaunti ya jina la kuzaliwa huzuiwa hata sarafu ikiwa sahihi.

Usiiache ikae, kwa sababu kwa kawaida hutumika kiwango cha siku fedha inapoingizwa kwenye akaunti, si cha siku ilipotumwa. Kati ya Oktoba na Desemba 2024 dola ilishuka kutoka zaidi ya shilingi 2,700 hadi chini ya 2,500. Aliyekuwa na dola 1,000 zilizokwama kipindi chote hicho alipoteza zaidi ya shilingi 200,000, ingawa hakuna aliyemkata.

Kabla ya mshahara ujao, andika barua fupi ya maelekezo ya kudumu kwa meneja wa tawi lako, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri: "Fedha za euro zitakazoingia kwa jina langu kutoka kwa mwajiri wangu ziingizwe kwenye akaunti yangu ya shilingi. Zisibadilishwe kuwa dola." Kisha mpe mwajiri namba ya akaunti hiyohiyo, maana akiendelea kuandika namba ya akaunti ya dola, mfumo wa benki huenda ukazibadilisha kabla mtu hajaisoma barua yako.