Kapsheni ya Baa Siku ya Mechi

Watani wa jadi wakikaribia kukutana, baa nyingi za Dar es Salaam hutupia mtandaoni picha ya manahodha wa Simba na Yanga wakikaziana macho. Chini yake: "Usikose! Skrini kubwa, vinywaji vya baridi." Hapo mteja hajaambiwa kitu. Kabla hajapanda bodaboda anataka kujua mlangoni anatoa shilingi ngapi, atakula nini na baa inafungwa saa ngapi.

Ugomvi huanzia kwenye kiingilio. Ukiandika "Kiingilio 5,000" ukaishia hapo, mtu hajui kama hela hiyo imekwenda moja kwa moja au anapewa kinywaji. Kama anapewa, taja ni kipi, maana ukisema "bia" tu, yupo atakayedai ile ya bei ghali kuliko zote. Halafu sema mechi isipochezwa itakuwaje. Dabi ya tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa siku ileile ya mchezo, ikaja kuchezwa 25 Juni na Yanga ikashinda 2-0. Aliyekuwa ameuza viti mapema bila kueleza hilo alikuwa na la kujibu.

Ofa ya chakula, kwa maoni yangu, iishe mpira unapoanza. Mapumziko ni dakika 15, na ukiacha ofa wazi, meza zote zitaagiza kuku kwa mara moja. Jiko haliwezi, sahani zinafika dakika ya 70, na wengine wamekwisha kughairi. Bei nafuu ya jioni inawaleta watu mapema, wanakula na viti vinajaa.

Saa ya kufunga ndiyo hukosewa zaidi. Chukua fainali inayoanza saa 4 usiku, kama ile ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2025. Dakika 90, mapumziko na muda wa majeruhi vinakufikisha karibu saa 6. Mwaka ule PSG waliifunga Inter 5-0, hapakuwa na cha kusubiri. Lakini ikiwa sare, kuna dakika 30 nyingine na penalti, na unakaribia saa 7. Aliyetangaza "tunafunga saa 6" atazima runinga mbele ya watu waliolipa. Leseni yako ikiishia saa 6, liseme hilo wazi tangu mwanzo, mteja achague mwenyewe.

Kwa baa yenye leseni inayoruhusu, kapsheni ingesomeka hivi:

"Fainali Jumamosi, saa 4 usiku. Kiingilio 5,000, unapata bia moja ya hapa nchini au soda mbili. Mechi ikiahirishwa, tunarudisha hela. Chini ya miaka 18 hawaingii. Chipsi kuku 7,000 kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4. Baada ya hapo bei ya kawaida. Tunafunga saa 7:30 usiku wa kuamkia Jumapili, hata kwa penalti."