Kwa Nini Selfi Hugeuka Ukishaipiga

Vaa fulana yenye maandishi, kisha fungua kamera ya mbele ya simu. Kwenye skrini maandishi yanaonekana kinyume. Piga picha uifungue: sasa yanasomeka vizuri, ila uso wako unauona mgeni kidogo. Simu haijakosea. Kabla ya kupiga hukuonyesha taswira ya kioo, ili iwe rahisi kujiweka sawa. Inayohifadhiwa ni sura wanayoiona wenzako. Wewe umezoea ya kwenye kioo, ndiyo maana nywele ulizochana upande mmoja zinaonekana zimehama. Ukiipendelea ya kioo, kwenye iPhone za miaka ya karibuni fungua Settings, kisha Camera, uwashe Mirror Front Camera. Picha za zamani hazitabadilika, na maandishi ya fulana yatahifadhiwa kinyume.