Katibu akitoka, muhtasari huandikwaje?

Simu inaita, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anatoka nje. Anaporudi, wajumbe wamefika ajenda ya tano. Kwenye daftari lake, ajenda ya nne imeishia hapa: "Mkopo wa dharura, laki 3? miezi 3, mhazini apinga." Pengo hilo linazibwaje bila kubuni?

Jambo la kwanza ni kuandika palepale saa aliyotoka na saa aliyorudi, kisha kupiga mstari chini ya neno la mwisho alilolisikia mwenyewe. Bila mstari huo, baada ya siku mbili hatajua tena kipi alikisikia na kipi alisimuliwa.

Kazi ya kuuliza ifanyike siku hiyohiyo, na kila mtu aulizwe peke yake. Wakikaa pamoja, atakayetangulia kusema huwavuta wengine, hasa akiwa mwenyekiti. Swali nalo lisibebe jibu. "Mlikubaliana laki tatu, sivyo?" ni swali baya, afadhali aulize, "Mliamua nini kuhusu kiwango?"

Tuseme mwenyekiti anajibu laki tatu, mhazini anasema laki mbili, na aliyetoa hoja hana uhakika. Katibu asipige kura wala asichukue wastani. Atafute karatasi. Nyuma ya ajenda ya mhazini kuna hesabu: 1,000,000 kugawa kwa 5. Mfuko wa dharura una milioni moja, na wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wanakumbuka kwamba walisema wakopaji wasizidi watano kwa mara moja. Basi laki mbili ndiyo inayooana na hesabu. Laki tatu ilikuwa pendekezo la mwanzo, lile lililojadiliwa kwa sauti kubwa, na ndilo lililobaki kichwani mwa mwenyekiti. Makosa ya namna hii ni ya kawaida mno: mtu hukumbuka mabishano kuliko uamuzi.

Muda wa kurejesha ni habari nyingine. Mmoja anasema miezi mitatu ilipitishwa, wawili wanasema haikufikiwa, na hakuna karatasi inayosema lolote. Hapo katibu hana ruhusa ya kuchagua. Aandike hivi:

"Ajenda 4. Katibu hakuwepo kwa sehemu ya mjadala. Sehemu hii imeandaliwa kwa maelezo ya mwenyekiti, mhazini na mtoa hoja, pamoja na hesabu ya mhazini. Kikao kiliamua mkopo wa dharura usizidi Sh 200,000 kwa mwanachama. Muda wa marejesho haukuthibitika. Utaamuliwa kikao kijacho."

Maneno ya mtu yasiwekwe kwenye alama za kunukuu ikiwa katibu hakuyasikia. Kikao kijacho aya hiyo isomwe kwa sauti kabla ya muhtasari kuthibitishwa na kutiwa saini, na mjumbe mwenye pingamizi apewe nafasi. Rasimu na daftari lenye ule mstari visitupwe kabla ya hapo.