Kumjibu mgonjwa aliyelalamikia foleni

Barua nyingi za kumjibu mgonjwa aliyelalamika huanza hivi: "Tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Neno "wowote" ndilo linaloharibu. Mlalamikaji ameandika saa aliyofika na saa aliyoondoka, nawe unamjibu kana kwamba huna hakika kama alisumbuka.

Tuchukue mfano wa mama mwenye kisukari aliyefika kliniki saa 1:00 asubuhi bila kula, kwa ajili ya kipimo cha sukari. Daktari alimwona saa 6:40 mchana. Kabla ya kuandika lolote, fuatilia safari ya faili lake. Dirisha la bima lilichukua nusu saa. Damu ilitolewa saa 2:15 na majibu yakatoka saa 3:00. Kuanzia hapo alikaa kwenye benchi saa tatu na dakika arobaini, akiogopa kwenda kunywa hata chai asije akaitwa hayupo.

Sasa barua inaweza kukiri: "Mama, ni kweli ulisubiri saa tano na dakika arobaini. Ni muda mrefu mno kwa mtu ambaye hajala tangu usiku. Tunaomba radhi."

Maelezo ndiyo magumu zaidi, kwa kuwa "wagonjwa ni wengi" si jibu. Siku hiyo wagonjwa 60 waliambiwa wote wafike saa 1:00. Madaktari wawili walianza saa 2:00, kila mgonjwa akichukua dakika kumi. Maana yake ni wagonjwa 12 kwa saa. Faili la mama huyu lilisubiri majibu ya maabara, likaingia foleni likiwa la 57. Waliomtangulia walimaliza saa 6:40. Hakuna daktari aliyezembea. Kosa lilikuwa kuwaita watu wote kwa wakati mmoja, na kumrudisha nyuma aliyetumwa maabara.

Dawa yake ni kuwapanga wagonjwa kumi kwa kila saa na kuacha nafasi mbili za dharura. Wanaofunga kula watolewe damu kwanza, waruhusiwe kwenda kula, kisha warudi kwenye saa yao bila kupoteza zamu. Kliniki itafungwa saa 8:00 badala ya saa 7:00, lakini hakuna atakayeshinda kwenye benchi. Mpango huu huvunjika daktari akichelewa kutoka wodini, kwa hiyo saa ya kuanza lazima ilindwe.

Barua imtajie mama saa ya miadi yake ijayo, muuguzi wa kumwona akifika, na tarehe ambayo kliniki itapima tena muda wa kusubiri. Isainiwe na mganga mfawidhi mwenyewe. Kama hana uhakika wa kutimiza saa hiyo ya miadi, asiiandike.