Kitabu Kimoja Kilichosomwa Kikaulizwa

Kila unapofika msimu wa maombi ya vyuo, wazazi wa Pumwani, Eastleigh na Buruburu hutuletea karatasi za wana wao tuzipitie. Nyingi ni za mabinti wanaotaka kusoma historia au fasihi Uingereza, ambako maombi ya shahada hupitia UCAS. Tangu maombi ya wanaoanza mwaka 2026, maelezo binafsi si insha moja tena, bali ni majibu ya maswali matatu: kwa nini unalitaka somo hili, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umejiandaaje. Majibu yote pamoja hayazidi herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa. Hiyo ni kama kurasa moja na nusu tu.

Ndani ya nafasi hiyo finyu mwombaji hutakiwa aonyeshe kwamba ana kiu ya elimu, naye hudhani kiu hupimwa kwa idadi. Huandika: “Napenda sana fasihi. Nimesoma Utendi wa Mwana Kupona, Al-Inkishafi na Utendi wa Tambuka, na nimehudhuria mihadhara mingi.” Sentensi hizo zamwambia msomaji wa chuo majina ya tendi ambazo yeye anazijua tayari. Za binti mwenyewe hazimwambii neno.

Tuchukue mfano wa binti wa Pumwani mwenye orodha hiyo hiyo, tumwache na utendi mmoja tu. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake wasia huo mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyepigana na majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha pamoja na tafsiri, na kwa Kiingereza wakauita wasia wa Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Sasa binti wetu ana jambo la kuuliza, kwani utendi wenyewe hauanzi kwa mume wala hauishii kwake. Mna dini na adabu, mna namna ya kukaa na watu, na mwishoni mna dua ndefu. Basi ni nani aliyeamua kwamba mada yake ni ndoa?

Swali hilo ndilo ushahidi. Akishalipata, makala na mhadhara huja kwa sababu, wala si kwa kujaza nafasi. Aweza kuandika hivi, ingawa yeye ataandika kwa Kiingereza:

“Utendi wa Mwana Kupona niliusikia kwa nyanya kabla sijausoma, na kwangu ulikuwa wasia wa mama mgonjwa. Nilipokuta chapa ya 1934 ikiuita wajibu wa mke, niliusoma tena nikitazama ni sehemu gani inayomhusu mume, nikaona kichwa kile kimeacha mengi. Makala kuhusu vita vya Siyu ilinifanya niusome mara ya tatu: huenda mjane wa mpinzani wa Zanzibar alikuwa akimfunza bintiye kuishi salama, si kutii tu. Baadaye mhadhara juu ya uimbaji wa tendi ulinitia shaka, kwani msikilizaji hana kichwa cha kitabu mbele yake. Sijui bado ni akina nani waliousikiliza kwanza, na hilo ndilo ningependa kulisoma.”

Si lazima mwalimu akubaliane naye, nasi wenyewe tungemhoji juu ya hilo la utii. Lakini tazama kilichotendeka: jina la utendi limetajwa mara moja, makala na mhadhara havikutajwa majina, na kila kimoja kimeibadilisha fikira iliyokitangulia. Neno “huenda” nalo lina kazi, kwa sababu linaonyesha anajua mahali ushahidi wake unapokoma.

Kuna kipimo tunachowapa mabinti. Funika jina la kitabu kwa kidole, kisha soma kilichobaki. Kikibaki “kilinivutia sana” au “kilinifungua macho”, hakuna kitu. Sentensi hiyo yafaa kitabu chochote. Kikibaki swali, pingamizi au jambo ulilolitazama upya, iache. Pia jiulize kama mtu aliyesoma jalada tu angeweza kuiandika.

Vyuo vinavyofanya usaili, kama Oxford na Cambridge, huweza kuuliza juu ya lolote lililoandikwa. Mwenye vitabu tisa kwenye karatasi amejifungulia milango tisa ya kuulizwa, na huenda vinne kati ya hivyo hakuvimaliza. Mwenye kimoja alichokisoma mara tatu ana la kujibu.

Wala hahitaji kununua. Matawi ya maktaba ya McMillan yako Kaloleni na Makadara. Aende na daftari, na kila anaposoma aandike ukurasa alipositasita na sababu ya kusita, hapo hapo, kwani baada ya mwezi atakumbuka jina la kitabu na atakuwa amesahau kilichomsitisha.