Kalamu ya Tableti Ikigoma, Ugonjwa Uko Wapi?

Chukulia mchora katuni wa Dar es Salaam aliyebakiza kutia wino tu kabla ya kutuma kazi gazetini. Anakandamiza kalamu kwenye tableti ili kola ya shati ipate mstari mnene, lakini mstari unatoka na unene uleule, mkono uwe mzito au mwepesi. Kesho yake anaunganisha projekta kwenye kompyuta, na sasa hata mshale haumtii: yeye anagusa katikati ya tableti, wenyewe unatokea ukingoni mwa skrini. Anaamua kwamba kalamu imekufa na kuanza kuulizia bei ya nyingine.

Uamuzi huo ni wa haraka mno. Hapo kuna hitilafu mbili zisizohusiana, na huenda hakuna hata moja iliyotoka ndani ya kalamu. Ili kuzitenganisha, inafaa kufahamu kwanza kalamu hiyo inavyozungumza na tableti.

Kalamu nyingi za tableti za kuchorea hazina betri. Mfumo uliozoeleka zaidi ni ule uliopata umaarufu kupitia Wacom, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1983. Chini ya uso wa tableti umetandazwa wavu wa nyaya nyembamba zinazotoa mawimbi ya sumaku. Kalamu ina koili na kapasita, vitu viwili vinavyopokea mawimbi hayo na kuyarudisha. Tableti husikiliza ni nyaya zipi zimepata mwitikio wenye nguvu zaidi, na kwa njia hiyo hujua kalamu iko wapi, hata kabla haijagusa uso. Mkandamizo hupimwa kwa namna nyingine. Ncha inaposukumwa ndani, kwa kiasi ambacho jicho halikioni, masafa ya mwitikio hubadilika. Tableti huyasoma mabadiliko hayo na kuyagawa katika viwango, ambavyo kwa vifaa vingi huwa 2048, 4096 au 8192.

Kwa hiyo mahali ilipo kalamu na nguvu ya mkono ni vipimo viwili tofauti. Mshale ukiendelea kuifuata kalamu, basi koili iko hai na tableti inaisikia. Kilichopotea ni kipimo cha pili peke yake, na kinaweza kupotelea sehemu tatu: kwenye ncha, kwenye draiva, au kwenye programu ya kuchorea.

Kuanzia draiva

Draiva ndiyo iko katikati ya safari hiyo, kwa hiyo ndiyo ya kuulizwa kwanza. Wanaotumia Wacom hufungua dirisha la Wacom Tablet Properties, ambako kuna mstari unaopanda na kushuka kadiri kalamu inavyokandamizwa. Draiva za kampuni nyingine nazo huwa na sehemu ya kujaribia mkandamizo. Mstari ukipanda taratibu mkono unapoongeza nguvu na kurudi sifuri kalamu inapoinuliwa, kalamu ni nzima. Ukibaki sifuri, au ukionyesha mkandamizo ilhali kalamu iko hewani, tatizo liko kwenye ncha au kwenye kihisi kilicho nyuma yake.

Mchora katuni wetu anajaribu, na mstari unapanda vizuri. Anafungua Krita, programu ya bure ya kuchorea, na huko unene wa mstari unabadilika kama zamani. Anarudi Photoshop, mstari bapa. Kufikia hapo jibu limejitokeza lenyewe: kipimo kinatoka kwenye kalamu, kinapita kwenye draiva, lakini Photoshop haikipati.

Sababu yake inajulikana sana kwa watumiaji wa Windows. Taarifa za mkandamizo hufika kwenye programu kwa njia mbili. Moja ni ya zamani, inaitwa WinTab. Nyingine ni ya Microsoft, inaitwa Windows Ink. Photoshop, kama haikubadilishwa, hutegemea Windows Ink. Krita yenyewe ina mpangilio wa kuchagua mojawapo, na ya mchoraji huyu iko kwenye WinTab. Tatizo ni kwamba Windows Ink huambatana na kero moja: kalamu ikishikiliwa mahali pamoja kwa muda, duara dogo hutokea kuzunguka ncha, maana kompyuta inadhani mtu anataka kubofya kitufe cha kulia cha kipanya. Wachoraji wengi, kwa kuchoshwa na duara hilo, huenda kwenye mipangilio ya draiva na kuondoa tiki kwenye Use Windows Ink. Duara hutoweka, na mkandamizo wa Photoshop huondoka nalo.

Tiba ni kurudisha tiki hiyo, kuifunga Photoshop na kuifungua upya. Duara nalo lina mahali pake pa kuzimwa. Kwenye Control Panel kuna Pen and Touch. Humo mtu huchagua Press and hold, hubofya Settings, kisha huondoa tiki ya Enable press and hold for right-clicking.

Asiyetaka kabisa kutumia Windows Ink anaweza kuielekeza Photoshop kwenye WinTab. Huandika mistari miwili ifuatayo kwenye faili la maandishi matupu linaloitwa PSUserConfig.txt, huliweka kwenye folda ya mipangilio ya Photoshop, kisha huanzisha programu upya:

```
# Use WinTab
UseSystemStylus 0
```

Kuna uwezekano mwingine mwepesi zaidi ambao husahaulika. Brashi yenyewe huenda haikuagizwa kufuata mkandamizo. Kwenye mipangilio ya brashi ya Photoshop, chini ya Shape Dynamics, sehemu ya Control inapaswa kusoma Pen Pressure. Iwapo pembeni yake pana pembetatu ndogo ya tahadhari, Photoshop inasema haioni kalamu yoyote yenye mkandamizo, na mtu arudi kwenye suala la Windows Ink. Kama pembetatu haipo na mstari bado ni bapa, basi ni brashi tu. Ajaribu nyingine kabla ya kugusa kitu chochote.

Ncha iliyolika

Tuseme sasa mstari wa kwenye draiva ungekataa kupanda. Hapo ndipo ncha inapopaswa kuangaliwa. Ni kipande kidogo cha plastiki kinachovutwa nje kwa pete au kibanio maalumu kinachokuja na tableti, na mara nyingi ncha za akiba hufichwa ndani ya kishikio cha kalamu. Ncha hulika kwa sababu imetengenezwa ilike. Kasi yake hutegemea uzito wa mkono na ukwaruzo wa uso: mchoraji mwenye mkono mzito anayetumia tableti yenye uso kama karatasi huimaliza mapema kuliko anayechora kwenye kioo laini.

Ncha iliyochakaa hutambulika kwa kuitazama kwa ubavu. Badala ya kuwa mviringo, huwa imekatika mshazari upande mmoja kama patasi, na ukingo huo mkali ndio unaochora mikwaruzo isiyofutika kwenye uso wa tableti. Kwa kawaida hushauriwa ibadilishwe kabla sehemu inayochomoza haijapungua hadi milimita moja hivi. Kikomo hicho kina sababu mbili. Ncha fupi mno haishikiki na kibanio, kwa hiyo kuitoa kunakuwa taabu. Na kalamu inapolazwa kidogo, mwili wake hugusa tableti kabla ncha haijasukumwa vya kutosha. Mchoraji huongeza nguvu, lakini nguvu hiyo inabebwa na plastiki ya kalamu, si na kihisi. Mstari mwembamba hupatikana. Ule mnene kabisa haufikiwi.

Dalili ya kinyume, yaani kalamu inayochora kabla ya kugusa, hutokana mara nyingi na ncha iliyokwama ndani. Vumbi au chembe za plastiki huizuia kurudi, na kihisi kikadhani mkono bado umekandamiza. Kwanza ncha itolewe, ifutwe, irudishwe kwa kusukumwa wima hadi mwisho, bila kuizungusha. Ncha ambayo haijafika mwisho nayo huleta usomaji wa ajabu. Kama ncha mpya iliyokaa sawasawa haibadilishi kitu, kihisi chenyewe ndicho kilichoharibika. Kalamu iliyoanguka kwa ncha, au iliyozoea kusimamishwa kwenye kikombe ikiegemea ncha, iko kwenye hatari hiyo zaidi, kwa kuwa kihisi hubaki kimekandamizwa muda wote.

Mshale unaokwenda kando

Kuhusu projekta, hesabu ndogo inatosha kueleza kilichotokea. Tableti ndogo ya kawaida ina eneo la kuchorea la milimita 152 kwa 95. Skrini moja ya pikseli 1920 kwa 1080 inapotandazwa juu ya eneo hilo, kila milimita ya mlalo huwa sawa na pikseli 12.6 hivi, na ya wima pikseli 11.4. Projekta ikiunganishwa kama skrini ya pili yenye ukubwa huohuo, na tableti ikawa imepangiwa kuhudumia skrini zote, upana huwa pikseli 3840. Sasa milimita ya mlalo ni pikseli 25, ilhali ya wima imebaki palepale. Katikati ya tableti panakuwa mpaka wa skrini mbili, na duara linalochorwa kwa mkono hutokea kama yai, upana wake ukizidi kimo zaidi ya mara mbili.

Kwa hiyo kwenye sehemu ya Mapping ya draiva, mchoraji achague skrini anayochorea badala ya zote. Duara litakaribia kuwa duara, ingawa bado litazidi upana kwa takriban asilimia 11, kwa kuwa tableti na skrini hazina uwiano sawa. Tiki kwenye Force Proportions huondoa tofauti hiyo, kwa gharama ya ukanda mwembamba wa tableti ambao hautatumika tena.

Tableti zenye skrini yake, ambapo mtu huchora moja kwa moja juu ya picha, zina jambo la ziada. Ncha na picha hutenganishwa na unene wa kioo, hivyo anayetazama kwa pembe huona mshale kando ya ncha. Draiva huwa na zoezi la kugusa alama zinazotokea skrini, na mchoraji alifanye akiwa ameketi na kuishika kalamu kama anavyofanya akiwa kazini. Mshale ukitetema au ukikosea sehemu moja tu ya uso, mipangilio haina kosa. Kinachofaa ni kuiondoa tableti juu ya meza ya chuma, na kuiweka mbali na spika, simu na chaja, kwa kuwa sumaku na vifaa vya umeme huvuruga mawimbi ya nyaya.

Kama baada ya yote hayo mstari wa kwenye draiva bado haupandi, kipimo cha mwisho kabla ya kununua ni kuazima kalamu ya modeli ileile kutoka kwa mchoraji mwingine. Iwe modeli ileile kweli, kwa sababu kalamu za kampuni moja hazikubaliani na tableti zake zote. Kalamu ya kuazima ikifanya kazi, inayohitajika ni kalamu. Nayo ikigoma, kalamu mpya haitasaidia: kinachofuata ni kuiondoa draiva kabisa pamoja na nyingine yoyote ya tableti iliyobaki kwenye kompyuta, kuwasha upya na kusakinisha moja, kisha kuijaribu tableti kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuipeleka kwa fundi.