Hewa Iliyotulia Ndani ya Koti

Mpwa wangu alitua Minneapolis katikati ya Januari akitokea Njombe. Kwao asubuhi nyingine za Julai umande huganda kwenye nyasi, kwa hiyo baridi aliiona kama kitu anachokifahamu. Alikuja na koti zito la pamba lenye bitana nyembamba. Siku ya tatu alirudi kutoka kituo cha basi midomo ikimtetemeka. "Mjomba," akaniuliza, "koti hili lina kilo tatu, mbona linapitisha baridi?"

Asubuhi ile redio ilikuwa imetangaza sifuri, naye akaona si mbaya. Marekani hawatumii kipimo chetu: sifuri yao ni nyuzi 18 chini ya sifuri tuliyoizoea kwenye Selsiasi. Upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 30 chini ya sifuri. Uzito wa koti hausaidii kitu hapo.

Koti halitengenezi joto. Joto linatoka mwilini, na kazi ya koti ni kulichelewesha lisiondoke. Kinacholichelewesha hasa si kitambaa bali hewa, mradi hewa hiyo iwe imetulia, imenaswa katika vijishimo vidogo isiweze kuzunguka. Aliyelalia mto wa sufi anaelewa haraka. Mto uliopigwa na kuanikwa juani hujaa, ukiuegemea unapata joto. Ule ulioshindiliwa miaka mitano una sufi ileile kwa uzito uleule, lakini umekuwa bapa na baridi. Kilichopotea ni hewa. Koti la mpwa wangu lilikuwa mto wa namna hiyo: kitambaa kingi, hewa kidogo.

Tukaenda naye duka la nguo za mitumba, kwa sababu makoti mazuri mapya yana bei, na watu wa huko huacha makoti mengi yakiwa bado mazima. Ukisoma lebo utaona ujazo wa aina mbili. Kuna manyoya laini ya bata au bata bukini, yale ya kifuani yasiyo na mti katikati, na kuna nyuzi za poliesta zilizotengenezwa kuiga manyoya hayo. Kwa uzito uleule, manyoya hunasa hewa zaidi. Lebo ya koti la manyoya mara nyingi ina namba kama 550, 600 au 800, ambayo ni kipimo cha jinsi manyoya yanavyovimba: aunsi moja inajaza inchi za ujazo ngapi. Namba 600 inatosha kabisa kwa mtu wa mjini. Ila namba hiyo haisemi ni kiasi gani cha manyoya kimetiwa ndani. Koti la 800 lililojazwa kiduchu litashindwa na koti la 600 lililonona.

Kwa hiyo nilimwambia aweke lebo pembeni atumie mikono. Finya kifua cha koti kwa ngumi, achia, kisha tazama. Likiinuka lenyewe na kujaa tena, lina uhai. Likibaki limelala, wacha. Halafu liinue kwenye taa uangalie mabegani na mgongoni, maana huko ujazo huhama na kuacha sehemu tupu ambako mwanga unapenya. Mwisho, bana kitambaa cha nje mdomoni ujaribu kupuliza. Pumzi ikipita kirahisi, upepo wa Januari utapita pia na kuichukua ile hewa uliyoinunua.

Alichagua koti la manyoya linalofika katikati ya mapaja, lenye kofia yake, utepe mpana wa kitambaa nyuma ya zipu, na ncha za mikono zilizofumwa zikabana kiganja. Vitu hivi vitatu vina maana kuliko vinavyoonekana: hewa ya moto hutorokea shingoni, kwenye zipu na kwenye mikono.

Wiki hiyohiyo dada yake aliyeko Glasgow akataka naye aelekezwe anunue lilelile. Nikamkatalia. Glasgow Januari ni nyuzi 2 hadi 7 hivi juu ya sifuri, na mvua. Maji hupitisha joto mara ishirini na zaidi kuliko hewa iliyotulia, na manyoya yakilowa hujikunja madonge, hewa yote ikatoka. Unabaki umevaa kitambaa chenye mabonge ya maji. Minneapolis theluji ya Januari ni kavu kama unga, unaikung'uta begani inadondoka. Mvua ya Glasgow haikung'utwi. Kwake yeye nilishauri ujazo wa poliesta, ambao ukilowa bado unashika hewa kiasi, na juu yake gamba lisilopitisha maji.

Hapo napo pana mtego, maana makoti mengi huitwa ya mvua kumbe yanavumilia manyunyu tu. Geuza koti ndani nje utazame mishono. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji, na koti la mvua la kweli lina utepe uliogandishwa juu ya mishono yote. Kitambaa chenyewe huwa na utando wenye vitundu vidogo mno, tone la maji halipenyi lakini mvuke wa jasho unatoka. Juu kabisa kuna dawa inayofanya maji yajikusanye kama shanga na kuteleza. Maji yakianza kusambaa na kuzama kwenye kitambaa cha nje, dawa imechoka. Lifue na ulipitishe kwenye joto la mashine ya kukaushia kama lebo inaruhusu, mara nyingi huamka. Isipoamka, dukani kuna dawa ya kupulizia.

Mpwa wangu naye alikuwa bado hajamaliza na maji. Kutoka nyumbani hadi kituoni ni dakika kumi na mbili za mwendo wa haraka, kisha dakika kumi na tano za kusimama. Akiwa na koti jipya akaanza kutoka jasho njiani, na fulana yake ya pamba ikalinywa lote. Aliposimama, ile fulana ikawa kama kitambaa cha maji baridi mgongoni. Tukaanza upya kutokea ngozini: fulana nyembamba ya kubana ya sufu au poliesta, ambayo ikilowa haipoozi mwili kama pamba, juu yake sweta la flisi, kisha koti. Akitembea anafungua zipu hadi kifuani, akifika kituoni anaifunga kabla hajaanza kusikia baridi. Kwenye basi lenye joto anavua sweta. Kwa sababu hiyo koti hujaribiwa ukiwa na sweta mwilini. Inua mikono juu. Likikubana kwapani, linashindilia ujazo wake lenyewe.

Machi theluji ilipoanza kuwa rojorojo, koti lake lililowa mabegani likasinyaa. Tulilikausha kwenye mashine kwa moto mdogo pamoja na mipira miwili ya tenisi inayolipiga kutoka ndani, kama sufi inavyopigwa. Kila baada ya nusu saa alilitoa akapapasa kila mfuko wa manyoya kwa vidole, na alipokuta donge alilirudisha. Ilichukua karibu saa tatu hadi madonge yote yakaachia.